Kwa maafisa ardhi wapya: mpaka wa wilaya haukupi mamlaka ya ardhi yote iliyomo

Wadogo zangu, juzi nimepitia rasimu nyingine ya mpango wa matumizi ya ardhi iliyochora malisho mpaka ndani ya hifadhi ya taifa. Nilipouliza, nikajibiwa: "Si iko ndani ya wilaya yetu?" Jibu hilo nalisikia kila kundi jipya linaporipoti kazini, kwa hiyo naliandikia.

1. Anza na aina ya ardhi, ndipo uangalie wilaya. Sheria za ardhi za 1999 mnazijua: ardhi ya kijiji, ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, ya jumla iko chini ya Kamishna wa Ardhi, na ya hifadhi inafuata sheria iliyoitenga. Hifadhi ya taifa ni TANAPA, pori la akiba ni TAWA, msitu wa serikali kuu ni TFS. Mkuu wa wilaya anabaki kuwa mkuu wa wilaya hata katikati ya hifadhi, na mhalifu akikamatwa humo anapelekwa mahakamani kama kawaida. Lakini humo hakuna kijiji, hakuna mkutano mkuu wa kijiji, na halmashauri ya wilaya haigawi kiwanja hata kimoja. Angalieni pia msiteleze upande wa pili: iko misitu ya hifadhi inayomilikiwa na halmashauri yenyewe, na ardhi ya WMA, yaani eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, inabaki kuwa ya vijiji vilivyoitenga.

2. Omba GN, yaani Tangazo la Serikali lililotenga eneo, pamoja na jedwali lake. Msiridhike na ramani ya ukutani. Mbarali ni mfano mnaopaswa kuufahamu vizuri. GN Na. 28 ya 2008 iliingiza sehemu ya bonde la Usangu katika Hifadhi ya Taifa Ruaha, na vijiji vilivyokuwa na watu, mashamba ya mpunga na shule vikajikuta ndani ya mstari. Mgogoro ukaendelea miaka mingi, ukafika kwa kamati ya mawaziri wanane, na mwaka 2023 ikatoka GN Na. 754 ya kurekebisha mipaka. Mpaka wa wilaya haukuhusika. Kilichobadilisha msimamizi wa ardhi ile ni tangazo, na ukishika tangazo la zamani unapanga ardhi isiyo yako au unawanyima watu ardhi yao.

3. Hakiki datamu, yaani mfumo wa rejea ambao kuratibu zilipimiwa, kabla hujaenda uwandani. Hapa naomba mnisikilize, maana ndipo watu wanapoumia. Katika halmashauri moja niliyofanya kazi, kijana mmoja hodari alinakili kuratibu za mpaka wa hifadhi kutoka kwenye ramani ya zamani ya upimaji, akaziingiza kwenye GPS iliyowekwa WGS 84. Kuratibu zile zilikuwa za Arc 1960. Hifadhi ilikuwa kusini ya kijiji, na mstari wake ukaangukia kaskazini ya mpaka halisi kwa karibu mita 300, ndani ya mashamba. Askari wa hifadhi waliamini kifaa. Wazee wakawaonyesha bikoni ya zege iliyozama kwenye nyasi, wakaambiwa imehamishwa usiku. Mama mmoja alisimama katikati ya mahindi yake, mkono kiunoni, akauliza bikoni ya uzito ule ilibebwa na nani.

Dalili ilikuwa wazi. Bikoni iliyofuata nayo ilipishana na GPS kwa umbali uleule, upande uleule, na ya tatu vilevile. Mtu akihamisha bikoni huhamisha moja au mbili, tena kila moja kivyake. Zikihama zote sawasawa, shida ni datamu. Kwa ukanda wa 36 kusini, msimbo wa Arc 1960 ni `EPSG:21036` na wa WGS 84 ni `EPSG:32736`. Badilisha kuratibu kwa programu, kisha zihakiki kwenye bikoni unayoiona kwa macho. Marekebisho yenyewe ni ya dakika chache, lakini kijiji kile kilichukua muda mrefu sana kukubali tena kukaa meza moja na watu wa ardhi, na sikuwalaumu.

4. Chukua cheti cha ardhi ya kijiji na ramani yake, uvilinganishe na jedwali la GN. Vikipishana, usichague wewe. Andika kwa Kamishna, na nakala iende kwa mamlaka ya hifadhi.

5. Msiite ardhi ya kijiji "ardhi ya jumla" kwa sababu tu haina nyumba. Tafsiri ya ardhi ya jumla katika Sheria ya Ardhi inagusa ardhi ya kijiji isiyotumika, ila Sheria ya Ardhi ya Vijiji haina maneno hayo. Malisho ya kiangazi huonekana matupu masika. Na kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda hifadhi kuna utaratibu wake: taarifa kwenye Gazeti la Serikali na kwa kijiji, na eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, kubwa zaidi ya hapo ni Waziri baada ya mkutano kutoa maoni. Kwa hiyo mkiona faili la uhamisho halina muhtasari wa mkutano huo wenye mahudhurio na sahihi, lirudisheni siku hiyohiyo.