Nimeanguka mara moja tu, nirudishe leseni DVLA?

"Dada nesi, niko Leicester, naendesha kigari cha kusambaza vifurushi. Tarehe 10 Machi nilianguka kazini nikatetemeka, nilikuwa sijalala siku mbili kwa sababu ya shifti. Vipimo vya ubongo, MRI na EEG, vimetoka safi. Daktari kasema nisiendeshe na niwaambie DVLA, ile ofisi ya leseni ya Uingereza. Naogopa wakishajua ndo basi tena leseni sina. Siwezi kusema ni uchovu tu yakaisha?"

Pole sana kaka. Hapo kwenye uchovu nikukatize mapema, DVLA hawaukubali. Kuna kuanguka ambako wanakuhesabu kuna chanzo cha wazi, kwa mfano umepigwa kichwa ukaanguka palepale, lakini kukosa usingizi hakumo, pombe pia haimo. Kwa hiyo wewe unahesabika umeanguka bila sababu, mara ya kwanza, na kwa leseni ya gari dogo ukiwa na vipimo safi kama vyako unakaa miezi 6 bila kuendesha. Vingekuwa na kasoro inayoonyesha unaweza kuanguka tena ingekuwa 12, na ukianguka mara ya pili hapo ni kifafa, 12 kuanzia siku ya mwisho uliyoanguka.

Sasa jambo ambalo watu wetu wengi hawaambiwi. Leseni inaweza kuondoka kwa njia mbili, urudishe mwenyewe kwa hiari au wao waifute, na ukiangalia juu juu unaona ni yaleyale tu manake kote huendeshi, tofauti inakuja siku ya kurudi barabarani. Chukua tarehe zako. Miezi 6 inaisha 10 Septemba. Unaruhusiwa kuomba upya wiki 8 kabla, yaani kuanzia tarehe 16 Julai hivi. Kama ulirudisha kwa hiari, ikifika 10 Septemba na DVLA wameshapokea maombi yako na daktari wako anaridhika kwamba umetimiza masharti, kuna kifungu cha 88 cha sheria ya barabara ya 1988 kinakuruhusu kuendesha hata kama leseni mpya haijafika. Ila kama wao ndo waliifuta, kifungu hicho hakikuhusu, unakaa nyumbani mpaka uamuzi utoke, na hapo unamsubiri mtu wa DVLA, daktari wako ajibu fomu, posta, na nimeona watu wakisubiri muda mrefu huku daktari kashawaambia wako fiti. Kwa mtu anayekula kwa usukani hiyo si tofauti ndogo. Kwa hiyo usingoje barua, jaza fomu ya kurudisha leseni kwa hiari, itume kwa DVLA Swansea pamoja na leseni yenyewe, ubaki na kopi.

Maombi ya kurudi ni fomu D1, na fomu ya afya ya kifafa inaitwa FEP1. Ndani yake unaandika ulianguka lini, dawa gani, nani anakutibu, halafu unasaini kuwaruhusu wamuulize daktari wako. Mara nyingi DVLA hawakuoni uso kwa uso, wanaamua kwa makaratasi, sasa tarehe ulizoandika wewe na zile za daktari zikipishana faili linakwama. Mwombe GP, daktari wako wa kawaida, nakala ya barua ya hospitali uandike kutoka humo, usiandike kwa kukumbuka.

Kuna kitu nataka ujichunguze kabla ya kujaza chochote. Asubuhi ukiamka, mikono huwa inaruka yenyewe? Ile ya kikombe cha chai kudondoka, mswaki unakutoka mkononi, mtu anasema ah ni usingizi. Nauliza hivyo kliniki kila mara manake wagonjwa hawaitaji wenyewe, wanadhani kifafa ni kuanguka na kutoa povu tu. Kule kuruka nako ni kifafa na DVLA wanakuhesabia, na kama kipo basi tarehe 10 Machi haikuwa mara ya kwanza, hesabu ni ya miezi 12, na dawa ya kutuliza kuruka huko ipo. Mwambie daktari wa neva sasa, isije ikajulikana mwezi wa nane wakati umeshajipanga kurudi kazini.

Ukinyamaza faini inafika pauni 1,000, ila mimi ningeogopa zaidi bima kukuruka ukigonga mtu. Na daktari akijua bado unaendesha anaruhusiwa kuwaandikia DVLA mwenyewe, siri ya mgonjwa haimzuii hapo.

Haya yote ni ya gari dogo. Lori na basi ni habari nyingine, kuanguka mara moja tu ni miaka 5 bila kuanguka na bila dawa, na kifafa chenyewe ni 10. Teksi nazo halmashauri nyingi wanatumia kipimo hicho hicho cha lori, kwa hiyo kama ulikuwa na mpango wa kuhamia teksi waulize halmashauri yako kwanza kabla hujalipia chochote.