Kila Mwezi Nalipa, Deni Liko Palepale

*Shangazi, shikamoo. Nauza viatu vya mitumba Kongowea. Mwezi wa Januari nilichukua mkopo wa simu wa shilingi 10,000 nikaongezea mzigo. Wanataka 11,500 baada ya siku 30. Siku ikifika sina zote, nabonyeza kuongeza muda, nalipa 1,500, nasogezewa siku 30 nyingine. Nimefanya hivyo mara 5, sijachelewa hata siku moja. Juzi nimetazama, bado nadaiwa 11,500! Chama chetu kinakopesha kwa asilimia 5 kwa mwezi lakini naona haya kuomba, na mume wangu hajui lolote. Nimeibiwa? Nitatokaje?*
*Mama Viatu, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyechezea hesabu yako. Hesabu yao ni sawa, na ndiyo maana inauma. Zile 1,500 unazolipa kila mwezi hazijawahi kugusa deni. Ni bei ya siku 30, basi. Fikiria kodi ya nyumba: hata ulipe miaka bila kuchelewa, nyumba haiwi yako.

Sasa tuandike chini, maana simu haikuandikii. Umeshatoa 1,500 mara 5, yaani 7,500. Ukilipa zile 11,500 leo ukamaliza, utakuwa umetoa 19,000 kwa mkopo wa 10,000 uliokaa miezi 6. Walikuambia asilimia 15, na kila mara ni 15 kweli. Lakini ada ya kwanza na zile 5 za kusogeza tarehe ukizijumlisha ni asilimia 90 ya ulichokopa. Hiyo 90 haionekani popote kwenye simu, kwa sababu kila ukisogeza tarehe hesabu inaanza upya kama mkopo wa leo asubuhi.

Na hapo wewe umekuwa ukilipa ada. Wako wakopeshaji ambao usipolipa kitu wanakusogezea tarehe wenyewe na kuibandika ada juu ya deni, kisha ada ya mwezi unaofuata inapigwa juu ya jumla hiyo. Kwa asilimia yako, 11,500 ingekuwa 13,225, na mwezi wa pili ingepita 15,200. Mtu hajaongezewa hata shilingi ya kukopa, deni limekua likiwa limelala mfukoni.

Itazame ile skrini siku ya mwisho ikifika. Inakuonyesha njia 2: lipa zote, au ongeza muda. Njia ya 3, kulipa sehemu, mara nyingi haina kitufe. Inabidi uiulizie. Kwa hiyo kabla tarehe haijafika, pigia huduma kwa wateja au waandikie, uulize hivi: "Nikilipa 3,000 siku ya mwisho, ada itakata ngapi, deni la msingi litabaki ngapi, na ada ya mwezi ujao itapigwa juu ya kiasi gani?" Jibu litake kwa maandishi. Wengine wanakubali na kutoza ada kwenye salio tu. Wengine wanakupiga faini ya kuchelewa juu ya ada, na hapo hesabu yangu inayofuata haifanyi kazi.

Wakikubali, mambo yanakwenda hivi. Unalipa 3,000. Ada inachukua 1,500 kwanza, maana kwa kawaida ada ndiyo inayokula mbele, na 1,500 zinazobaki zinashusha deni hadi 8,500. Mwezi unaofuata ada ni 1,275, si 1,500 tena. Ukirudia 3,000, deni linafika 6,775. Ukiendelea hivyo, malipo ya 5 ni kama 2,890 na umemaliza. Jumla utakuwa umetoa karibu 14,900. Linganisha na mara 5 zako za kuongeza muda: ulitoa 7,500 na hukupunguza hata senti. Hata 2,000 kwa mwezi ingeshusha deni, ingawa taratibu mno.

Utaniuliza 3,000 zitoke wapi. Hizo 1,500 ulikuwa unazipata, na ukizigawa ni shilingi 50 kwa siku. Nakuomba 100 kwa siku. Ziweke kando kila jioni kabla hujafunga meza, na mpaka deni liishe usinunue mzigo mpya kwa pesa ya mkopo. Viatu vilivyokaa sana viuze kwa bei ya kutupa; jozi iliyokulalia inakugharimu ada ya mwezi.

Lakini njia ninayoipenda zaidi ni chama chako. Mkikopeshana kwa asilimia 5 ya salio linalobaki, ukachukua 11,500, ukafunga deni la simu siku hiyohiyo na kurudisha 3,000 kila mwezi, utamaliza mwezi wa 5 kwa jumla ya kama 13,100. Uliza kwanza kama asilimia hiyo ni ya salio au ya mkopo wote kila mwezi, kwa sababu vyama vingine vinatoza hivyo na faida inapungua. Ukishafunga, ifute ile programu siku hiyohiyo. Wataongeza kiwango chako cha kukopa na kukutumia ujumbe wa pongezi, nawajua. Na usikope kwa simu nyingine kulipia hii. Hapo unakuwa na tarehe 2 za mwisho na vitufe 2 vya kubonyeza.

Kuna jambo la sheria ambalo watu hawaambiwi. Kenya, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo ukishakwama, riba wanayoweza kukudai haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku ulipokwama. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zina kikomo cha namna hiyo. Ila tazama tundu lake. Kikomo kinaanza kuhesabiwa mkopo ukihesabiwa kuwa umekwama, na wewe hukuwahi kukwama. Kila ulipobonyeza kuongeza muda ulionekana mteja mzuri. Hata hivyo usiache kulipa makusudi ili sheria ikuangukie. Utachafua jina lako CRB, wanakotunza rekodi za wakopaji, kwa deni ambalo unaweza kulimaliza.

Benki Kuu inachapisha orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni. Mtafute wako humo. Kanuni hizohizo zinakataza kukutisha, kukutukana au kupigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Wakifanya hivyo, weka ujumbe na namba zao, upeleke malalamiko Benki Kuu.

Mume wako mwambie, na umwambie ukiwa na karatasi. Andika tarehe, uliyolipa na inayobaki, pamoja na mpango wa 100 kwa siku. Mwanamume akiambiwa "nina deni" anawaza laki. Akiona 11,500 na mwezi wa kumaliza, mtazungumza mengine. Chamani nako nenda na karatasi hiyohiyo. Wenzako kadhaa, nakuhakikishia, wana kitufe kama chako kwenye simu zao na hawajasema.

Ukimaliza, omba ujumbe wa kuthibitisha kwamba salio ni sifuri, uuhifadhi pamoja na taarifa yako ya M-Pesa ya miezi yote hii.