Baba hakuzeeka kwa usiku mmoja

Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya watu wazima hapa Moshi kwa miaka 19, na hata hivyo siku akili ya baba yangu ilipoyumba nilikosea mara mbili. Kwanza nilidhani ni demensia, yaani ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, kumbe ilikuwa deliriamu, kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na tatizo jingine mwilini. Kisha deliriamu ilipotulia nilifurahi mno, nikashindwa kuona kwamba chini yake demensia nayo ilikuwepo.

Baba alikuwa na miaka 79 na anaishi Machame, kwenye kihamba alichorithi. Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, mdogo wangu alinipigia simu akasema, "Dada, mzee hajalala. Anamtafuta ng'ombe tuliyemuuza zamani, na analikung'uta shuka anasema lina siafu." Jumapili iliyotangulia mzee huyohuyo alikuwa kanisani akihesabu sadaka pamoja na wazee wenzake, na hesabu yake haikupungua hata shilingi. Hapo ndipo nilipopaswa kuanzia, lakini sikuanzia hapo. Nilimwambia mdogo wangu kwamba uzee umefika, na jirani aliyekuja kusalimia alisema mzee amerudi utotoni. Tulimpeleka zahanati moja, akapimwa malaria, kipimo kikawa hasi, nasi tukarudishwa nyumbani na maneno yaleyale ya uzee ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyatangulia kuyasema.

Kesho yake alikuwa amezidi, ndipo tukateremka naye hospitali. Daktari hakuanza na mgonjwa, alianza na sisi. Aliuliza Jumapili baba alikuwaje, Jumatatu asubuhi alikuwaje, jioni je, na kama kuna saa ambazo huonekana nafuu. Mdogo wangu alisema kwamba asubuhi huwa anaeleweka kidogo, na jua likizama anaharibika kabisa. Majibu hayo mawili, kwamba hali ilianza ndani ya siku mbili na kwamba inapanda na kushuka ndani ya siku ileile, yalikuwa yameshamwambia daktari mengi. Demensia ya kawaida haina mwanzo unaoweza kuutajia siku. Huingia taratibu kwa miezi na miaka, na ukiiuliza familia ilianza lini, kila mtu anataja msimu wake. Ipo ile inayofuata kiharusi ambayo huweza kuja kwa hatua za ghafla, na ipo aina moja ambayo nayo hupanda na kushuka, lakini mtu aliyehesabu sadaka Jumapili na asiyejua yuko wapi Jumanne achukuliwe kuwa na deliriamu mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Baada ya hapo daktari alimgeukia baba, akamwamkia, akamwomba ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Jumapili. Kipimo hiki kinaonekana kama mchezo, lakini kinapima kitu kimoja muhimu, nacho ni uwezo wa kushikilia wazo bila kuliachia. Vitabuni hutumika miezi ya mwaka, ila kwa wazee wetu wengi, ambao Novemba kwao ni mwezi wa kumi na moja, kutaja miezi kinyume kunageuka kuwa kuhesabu namba tu, ndiyo maana napendelea siku. Baba alisema, "Jumapili, Jumamosi," akanyamaza, akatazama ukutani, akaanza kumzungumzia ng'ombe. Alirudishwa kwenye swali mara mbili, na mara zote mbili akapotelea palepale. Mtu mwenye demensia changa kwa kawaida hufika mpaka Jumatatu, hata kama baada ya dakika tano hakumbuki kwamba aliulizwa. Yuko macho, anakufuata unapozungumza, kinachomtoroka ni kumbukumbu. Katika deliriamu kinachovunjika kwanza ni umakini, na mara nyingi hali ya kuwa macho nayo hubadilika, ama mtu anahangaika asitulie, ama anasinzia katikati ya sentensi.

Deliriamu si jina la kuandika kwenye cheti na kufunga jalada, kwa sababu nyuma yake kuna kitu kinachopaswa kutafutwa siku hiyohiyo. Daktari alipima sukari, joto na oksijeni, akasikiliza mapafu, akauliza kuhusu kuanguka na kuhusu pombe, kwa kuwa mnywaji wa kila siku akikatizwa ghafla naye huweza kuchanganyikiwa hivi. Kisha akainua shati la baba na kugongagonga chini ya kitovu kwa vidole. Nikasikia sauti nzito, kama ya debe lililojaa maji. Kibofu kilikuwa kimepanda karibu na kitovu, na mpira wa mkojo ulipowekwa ilitoka lita moja na robo. Nilikuwa nimembadilisha baba nguo asubuhi ile, nikaona zimelowa kidogo, nikadhani anakojoa vizuri, kumbe kilikuwa ni kibofu kinachofurika. Isitoshe, alikuwa na siku sita bila kupata choo.

Ndipo tukaagizwa tulete dawa zote, si zile za cheti peke yake. Mdogo wangu alirudi na kopo la kahawa ambalo baba huhifadhia dawa zake. Ndani yake kulikuwa na amitriptilini, aliyopewa kwa ajili ya miguu kuwaka moto usiku, na karatasi ya piritoni aliyonunua duka la dawa baada ya baridi la mwezi wa saba kumletea mafua, akiinywa mara tatu kwa siku kwa siku tano. Kila moja peke yake inaonekana ndogo. Lakini zote mbili huzuia kemikali ya neva iitwayo asetilikolini, ambayo ubongo huitumia katika umakini na kumbukumbu, kibofu huitumia kujikaza, na utumbo huitumia kusukuma choo. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba akizinywa pamoja, mkojo unaziba, choo kinafunga na akili inavurugika, yote kwa sababu ileile. Daktari alizisimamisha, akampa maji na dawa ya kulainisha choo. (Msomaji asizikatize dawa za mzazi wake mwenyewe kwa kusoma hapa, azifungashe zote na kuzipeleka, pamoja na za dukani na za miti.)

Siku ya tatu baba aliniita kwa jina. Usiku aliendelea kuona siafu kwa karibu wiki mbili, na hilo ni jambo la kawaida, kwani deliriamu ya mzee huchukua siku na wakati mwingine wiki nyingi kuondoka hata baada ya chanzo chake kutibiwa. Nilitaka apimwe kumbukumbu kabla hatujaruhusiwa, daktari akakataa, na alikuwa na haki. Kumpima mtu demensia akiwa bado na deliriamu ni kama kupima uzito wa mtu aliyebeba gunia.

Kosa langu la pili lilianzia hapo. Nilijiambia kwamba zilikuwa dawa tu, yamekwisha. Lakini ubongo unaovurugika upesi kwa sababu ndogo mara nyingi una ufa wa zamani, na demensia ndiyo mojawapo ya nyufa kubwa. Nilipotulia nikakumbuka mazishi ya jirani yetu ya mwezi wa tatu. Mwezi wa tano baba aliuliza jirani huyo yuko wapi siku hizi. Nilimkumbusha mvua iliyonyesha makaburini, gari lililokwama kwenye tope, hata shati alilovaa, naye akasema kwa utulivu kwamba hakuna aliyempa habari za msiba huo.

Kulinganisha nitamtaja shangazi yangu, mkubwa kwa baba kwa miaka mitatu. Akitaka kumwita mjukuu hutaja majina manne kabla ya kulipata lenyewe, miwani huitafuta ikiwa kichwani, na jina la mchungaji humjia saa mbili baadaye akiwa anamenya ndizi. Lakini ukimpa kidokezo kidogo jambo zima linarudi, yeye mwenyewe ndiye anayelalamika kwamba anasahau, na anayemdai pesa ya maziwa anamjua mpaka senti. Huo ndio uzee wa kawaida: kumbukumbu ipo, ila mlango wake umekuwa mzito. Kwa baba kidokezo hakikufungua kitu, kwa sababu tukio halikuwahi kuhifadhiwa, na aliyelalamika si yeye bali sisi.

Alama nyingine wanayoitafuta madaktari ni kazi, yaani yale mtu aliyokuwa akiyafanya mwenyewe na sasa hayawezi. Mwezi wa tisa nilimkuta baba anachuma kahawa, na kikapuni nyekundu na mbichi zilikuwa zimechanganyika. Huyu ndiye aliyetuchapa utotoni kwa kuchuma mbichi. Wiki ileile alikwenda chama cha msingi cha wakulima kudai malipo ambayo alikuwa ameshayatia saini. Kusahau peke yake hakutoshi kuitwa demensia. Lazima kuwe na uwezo wa akili ulioshuka kiasi cha kuharibu shughuli zake za kila siku, huku akiwa macho na si mgonjwa wa jambo jingine.

Mwezi wa kumi tulimpeleka kupimwa. Damu iliangaliwa tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na virusi vya ukimwi, kwa kuwa hayo huweza kuiga demensia na yana tiba, na aliulizwa pia kuhusu huzuni, ambayo humfanya mzee aonekane hana kumbukumbu. Kipimo cha kumbukumbu kilichotumika ni kile kiitwacho IDEA, na watu wa wilaya ya Hai wana haki ya kujivunia, maana kilifanyiwa kazi kwa wazee wa huko, ambao wengi wao hawakukaa darasani. Hakina kuandika wala kuchora. Mzee husomewa maneno kumi na baadaye huulizwa anayoyakumbuka, hutaja wanyama kwa dakika moja, hueleza daraja ni nini, hutaja siku ya leo na kiongozi wa kijiji, hupanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Alama ni 15, na 7 au pungufu huashiria kwamba huenda ni demensia. Baba alipanga njiti vizuri, akaeleza daraja vizuri kuliko mimi, lakini wanyama walikuwa sita, na katika maneno kumi alibaki na moja. Alama zake hazikuvuka 7. Kipimo peke yake hakitoi hukumu. Kiliungana na kikapu cha kahawa, mazishi na yale malipo.

Mwezi wa pili uliofuata, mke wa mdogo wangu aliniambia kwa furaha kwamba mzee siku hizi ametulia, analala mchana kutwa wala hasumbui. Nilipanda Machame jioni ileile. Deliriamu ya namna hii, ya kimya, ndiyo inayopitwa zaidi kwa sababu haimkeri mtu. Nilimwomba ataje siku kinyume, akafika Ijumaa akasinzia. Ilikuwa nimonia ya pafu la kulia. Siku ya sita wodini alizitaja zote saba bila kukwama, kisha akaniuliza kama nimeshawalipa wachumaji, tuliowalipa tangu Desemba.