Ujumbe wa michango unaosikika vizuri

"Mwenzetu mmoja wa kikundi haoni, anasomewa ujumbe na simu. Nikituma 'Tsh 15,000/= tar 3-5, saa 2-4' anasema haelewi. Nifanyeje?"

Ndugu mweka hazina, kinachokuponza zaidi ni kile kistari. Programu nyingi za kusoma skrini hukiruka zikiachwa na mipangilio ya kawaida, kwa hiyo "saa 2-4" inaweza kusikika "saa mbili nne". Na sauti ikiwa ya Kiingereza, tarakimu zitatamkwa Kiingereza, na hapo "two" atajiuliza ni saa mbili yetu au saa nane mchana.

Mimi ningeandika hivi: "Mchango ni shilingi elfu kumi na tano. Lete kati ya tarehe tatu na tarehe tano, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi." Ile "/=" ifute tu, haimwambii kitu.

Ila maneno nayo yana mtego. "Elfu kumi na tano" kwa sikio ni 15,000, lakini pia yaweza kuwa 10,005. Kiasi kikiwa cha namna hiyo, ongeza: "yaani elfu tano mara tatu". Niliwahi kupokea pungufu kwa sababu hiyo.

Namba ya kulipia usiiandike kwa maneno peke yake, maana hataweza kuinakili. Iweke kwa tarakimu kwenye mstari wake, chini yake itaje moja moja: "sifuri, saba, nne..." Kabla hajatuma hela, mpigie akusomee alichosikia.