Saa 24 zikiisha, picha ya kitambulisho inabaki wapi?

"Nimemtumia dalali wa Kondele picha ya kitambulisho WhatsApp, nimeseti ifutike baada ya saa 24. Kesho itakuwa imetoka hata kwake?"

Kwenye chati yenu ndiyo, simu zote mbili, mradi uliseti kabla ya kutuma, iliyotangulia haiguswi. Saa zinahesabiwa tangu ulipotuma. Lakini kinachofutwa ni ujumbe wa chati hiyo tu. Akipiga skrinishoti, hiyo ni picha ya kawaida kwenye galari yake. Akimforwadia mwenye ploti, na chati yao haijasetiwa kufuta, kule inakaa.

— Si akipiga skrinishoti utaletewa taarifa?

Hiyo ni Snapchat. Kwa ujumbe wa kufutika, WhatsApp haikuambii kitu.

Dada, usingoje kesho. Bonyeza picha kwa muda, chagua Delete for everyone. Una siku mbili na ushee, ila haifikii nakala aliyokwisha kuhifadhi. Kisha tuma upya kwa View once, ile alama ya 1 kando ya maandishi. Hiyo huzuia skrinishoti na kuforwadi, ingawa simu ya pili bado inaweza kupiga picha ya skrini. Kwa hiyo andika juu ya picha yenyewe, kabla ya kutuma: "kwa dalali wa nyumba Kondele tu", pamoja na tarehe.

— Mimi meseji za chama zimepotea zote, na mchango wangu ulikuwa humo!

Muulize mweka hazina, huenda alipiga skrinishoti.