Kwa nini karani wa AMCOS hakukusanyii namba na makazi ya mwanachama

Minada ya korosho ikifunguliwa mwezi wa Oktoba, makarani wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, huku Mtwara na Lindi huanza kupata ombi ambalo kila mwaka halibadiliki sana. Mtu anafika ofisini, au anatuma ujumbe wa WhatsApp: "Karani, habari za kazi. Kuna mama mmoja mwanachama wenu, nimepotezana naye. Nikusanyie tu namba zake zote, anapokaa kwa sasa, na namba ya ndugu yake wa karibu. Najua mnazo kwenye mafaili yenu."

Ombi hilo linakataliwa, na anayekataliwa huondoka akiamini karani ana roho mbaya. Ugumu wenyewe unaonekana ukifungua hayo mafaili.

Mwanachama huyo tumwite Bi Somoe, mkulima wa Tandahimba. Kwenye folda ambayo viongozi na makarani wanaitumia pamoja, jina lake liko sehemu nyingi. Daftari la wanachama lina kijiji chake, namba ya simu na jina la mrithi. Orodha ya mgao wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, inaonyesha ukubwa wa shamba. Karatasi ya mahudhurio ya semina, iliyopigwa picha na kupakiwa, ina namba yake ya pili, ile anayowapa watu wachache. Orodha ya malipo ina kilo alizopeleka ghalani na tarehe ya mnada. Halafu kuna faili la michango ya harusi, ambalo halikupaswa kuwa humo kabisa lakini karibu kila folda ya chama unalikuta, na humo ameandikwa kama mama wa fulani, mtaa fulani.

Kila karatasi peke yake haina neno. Bi Somoe alitoa namba ili apigiwe kuhusu salfa, na alitaja mrithi ili familia isihangaike akifariki. Kinachoombwa sasa ni karatasi ya sita ambayo yeye hakuitoa kwa mtu yeyote: namba zake mbili, mahali anapolala, jina la mwanawe, na wiki ambayo pesa ya korosho imeingia. Karatasi hiyo haipo mpaka karani aitengeneze. Kwa hiyo hoja ya "si mnazo tayari?" haisimami. Chama kina vipande. Anayeviunga ndiye anayetengeneza kitu kipya, na ndiye atakayeulizwa.

Kuviunga ni rahisi kupita kiasi. Ukiandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google Drive, hakitafuti majina ya mafaili tu. Kinasoma na yaliyomo ndani, na mara nyingi hata maandishi yaliyochapwa kwenye picha au PDF iliyoskaniwa. Kazi iliyokuwa ya siku mbili kabatini sasa ni ya dakika chache.

Namba ya simu nayo haikai peke yake. Ukitaka kumtumia mtu pesa kwa simu, jina lililosajiliwa hujitokeza kabla hujathibitisha, kwa hiyo mwenye namba anapata uhakika kwamba amempata ndiye. Makazi nayo yamebadilika tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022: nyumba zina namba, mitaa ina majina, kuna na postikodi. Zamani ukiambiwa mtu anakaa Chikongola, ilibidi uulize njiani, na jirani uliyemuuliza alikuwa na muda wa kumtonya mwenyewe kwamba anatafutwa. Ukiwa na namba ya nyumba, huna haja tena na jirani huyo.

Basi tuseme muombaji ni mkweli, kweli ni shemeji yake. Hilo halimsaidii karani hata kidogo, kwa sababu mwanamke aliyeondoka kwenye ndoa ya kipigo mara nyingi anatafutwa na shemeji hasa, na mdai mkorofi huja na maneno matamu kuliko ndugu. Kutoka dirishani karani hawezi kuwatofautisha. Kuna na hatari nyingine isiyosemwa sana: orodha huchakaa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mteja mwingine, na anayesumbuliwa usiku kwa deni la Bi Somoe anakuwa mtu wa Kilwa asiyemjua.

Sheria iko upande wa karani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililokusanyiwa, na kuzitoa kinyume cha hapo ni kosa la mtu binafsi pia, si la chama peke yake.

Namna ya kukataa ina ufundi wake. Jibu baya kuliko yote ni "Ndiyo, yupo kwetu, ila siruhusiwi kukupa." Hapo umeshamwambia kwamba mama huyo bado yuko eneo hili na bado analima. Jibu linalofaa ni moja kwa wote, awe muombaji unamwamini au humwamini: "Kaka, namba na makazi ya watu hatutoi hapa, awe mwanachama au asiwe. Niachie jina lako, namba yako na unachotaka kumwambia. Kama ni mtu tunayeweza kumfikia, ujumbe utafika." Kisha Bi Somoe anapigiwa kwa simu ya ofisi na kusomewa ujumbe ulivyo, bila karani kumshauri apige au asipige. Akikataa, muombaji harudishiwi majibu, maana hata "amekataa" ni taarifa.

Mwenye deni la kweli ana njia yake: anafungua madai mahakama ya mwanzo, na mahakama ndiyo inayopeleka wito. Polisi wakihitaji kitu, ombi lao liende kwa uongozi kwa maandishi, litolewe kilichotajwa tu, na iandikwe nani amepewa nini na lini. Bi Somoe akitaka kujua chama kina nini juu yake, hiyo ni haki yake, mradi uthibitishe ni yeye. Namba ya ofisi ya mwenyekiti au ya diwani ni habari tofauti. Wao wana wadhifa na watu wanapaswa kuwafikia.

Lakini kukataa dirishani hakuna maana kama folda yenyewe iko wazi. Bonyeza `Share` uangalie chini ya `General access`: ikisomeka `Anyone with the link`, yeyote aliyewahi kutumiwa linki kwenye kundi la WhatsApp anaweza kujikusanyia mwenyewe. Weka `Restricted`, kisha uwaongeze wahusika kwa barua pepe zao, mmoja mmoja. Usitegemee kuficha safu ya namba za simu kwenye jedwali, kwani anayeruhusiwa kutengeneza nakala ataifichua kwenye nakala yake. Namba na makazi viwe kwenye faili la peke yake, linalofunguliwa na karani na katibu. Orodha ya salfa ibaki na jina, namba ya uanachama na mifuko. Ukimaliza, fungua linki ile ya zamani kwenye dirisha la siri la kivinjari, ambako hujaingia kwa akaunti yako. Ikikuomba uingie kwa akaunti, imefungika. Ikifunguka moja kwa moja, kuna faili ulilolisahau, na mara nyingi ni lile la harusi.