Poti, stabodi na noti: maneno ya kujua kabla hujapanda feri

Mara yangu ya kwanza kupanda feri nilikaa ukumbi wa nyuma, kwenye viti vilivyopangwa kutazama nyuma ya chombo. Nilikuwa na mtoto mgongoni na begi moja. Tulipokaribia gati, kipaza sauti kikasema abiria wasio na magari washukie mlango wa poti. Nikamuuliza jirani yangu poti ni wapi, akanijibu kwa uhakika, "Kushoto." Nikainuka, nikashika mkono wangu wa kushoto, nikafika kwenye mlango uliofungwa na nje yake hakuna gati, ni maji tu. Watu wote walikuwa wameelekea upande mwingine, na ilinibidi nipite tena katikati ya mizigo na miguu ya watu, mtoto analia.

Jirani hakunidanganya. Poti ni kushoto kweli, lakini ni kushoto kwa chombo, si kwangu mimi. Mimi nilikuwa nimekipa chombo mgongo, kwa hiyo kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake. Baharia aliyenishika mkono hadi kwenye mlango sahihi alinieleza jambo ambalo nimewaeleza wasafiri wengi tangu siku ile: "Dada, kwanza jua omo iko wapi. Itazame omo, ndipo useme kushoto na kulia."

Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, ile inayokata maji. Nyuma ni tezi, wengine husema shetri. Maneno haya unayo tayari hata kama hujawahi kugusa bahari, maana umesikia kwamba hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni kule chini ndani ya chombo, maji yanakojikusanya yakasubiri kukumbwa.

Kwa hiyo ukishaingia na kuweka begi lako, fanya hivi: tafuta omo. Chombo kikianza kwenda ni rahisi, kwani povu jeupe linalobaki kama barabara juu ya maji liko upande wa tezi. Simama uipe tezi mgongo na uso uelekeze omo. Mkono wako wa kushoto sasa uko upande wa poti, na wa kulia uko stabodi. Baada ya hapo geuka utakavyo, lala, kaa kinyume, zunguka sitaha yote, poti haihami. Ndiyo maana mabaharia hawapendi kusema kushoto na kulia. Watu wawili wanaotazamana wakiambiwa wakimbilie kulia, kila mmoja atakwenda njia yake, lakini wakiambiwa stabodi watakwenda upande mmoja.

Kukumbuka ipi ni ipi, mimi hutumia herufi. Poti ina "ot" katikati, na kushoto pia ina "ot". Stabodi haina, basi ni kulia.

Neno poti huwachanganya wanaojua kwamba kwa lugha ya mabaharia wa Uingereza maana yake nyingine ni bandari. Kumbe maana hizo mbili zina uhusiano. Zamani, kabla usukani haujawekwa katikati ya tezi, vyombo vya kaskazini mwa Ulaya viliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni kuelekea nyuma, na kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia, kasia lile lilikuwa upande wa kulia. Upande huo ukaitwa upande wa usukani, na humo ndimo limetoka neno stabodi. Chombo kikifika bandarini hakikuegeshwa kwa upande wenye kasia, kwani lingebanwa na kuvunjika. Kiliegeshwa kwa kushoto, na mizigo ikapakiwa kwa kushoto. Upande huo wa kupakilia ulikuwa na jina lake, labodi. Sasa fikiria upepo unavuma, matanga yanapiga kelele, na mtu anapaza sauti "labodi!" au "stabodi!" Nusu ya neno inapotelea hewani. Jeshi la wanamaji la Uingereza likaamuru mwaka 1844 kwamba labodi iachwe na itumike poti.

Siku hizi feri huegesha ubavu wowote, na nyingi hufungua mlango wa omo au wa tezi ili magari yatoke. Usidhani basi kwamba poti ndiko gati liliko kila mara. Sikiliza tangazo. Na kuna vivuko vyenye ncha mbili zinazofanana, vinavyokwenda na kurudi bila kugeuka. Kwenye vivuko hivyo omo ya kwenda inaweza kuwa tezi ya kurudi, kwa hiyo usibahatishe, muulize baharia.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine ni la mashua za kuokolea. Utaziona zimening'inia juu ya sitaha, kila moja ina namba yake ubavuni. Kwa kawaida namba zisizogawanyika kwa mbili, yaani 1, 3, 5, huwa stabodi, na 2, 4, 6 huwa poti, zikihesabiwa kutoka omo kwenda tezi. Ukiambiwa kituo chako cha kukusanyikia ni cha mashua namba 4, unajua mara moja kwamba ni poti, na kwamba ni mashua ya pili kutoka mbele upande huo. Safari zangu zote, dakika ya kwanza baada ya kukaa, nasoma kituo changu kisha natembea kwa miguu hadi pale na kurudi. Ishara ya hatari ni honi au kengele saba fupi zikifuatwa na moja ndefu. Ukisikia hivyo, wakati wa kuanza kujiuliza omo iko wapi umeshapita, na pengine taa zimezimika na moshi umejaa ukumbini. Miguu iliyokwisha kupita njia ile mara moja huikumbuka.

Ukisafiri usiku utaziona poti na stabodi kwa rangi. Kila meli huwasha taa nyekundu upande wa poti na ya kijani upande wa stabodi, na nyuma taa nyeupe. Simama gatini usubiri feri inayokuja: ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, imekuelekezea omo moja kwa moja, na nyekundu itakuwa mkono wako wa kulia kwa sababu mnatazamana. Ikianza kugeuka, moja ya taa hizo hupotea. Ikibaki nyekundu, unatazama ubavu wake wa poti. Nahodha naye husoma hivyohivyo. Chombo chenye injini kikiona kingine kinakuja kukatisha njia kutoka stabodi yake, basi ni zamu yake kupisha, na taa atakayoiona ni nyekundu ya mwenzake. Rangi yenyewe inamwambia la kufanya.

Honi pia husema pande hizi. Mlio mmoja mfupi maana yake nageuza kwenda stabodi, miwili nageuza kwenda poti, mitatu injini zangu zinarudisha nyuma. Mitatu utaisikia gatini mara nyingi, usishtuke. Mitano au zaidi ya harakaharaka ni nahodha anayemwambia mwenzake kwamba haelewi anachokusudia.

Kama una kichefuchefu, kuna jozi nyingine ya maneno: goshini na demanini. Goshini ni upande upepo unakotoka, demanini ni upande unakoelekea. Hizi hazijafungwa na chombo, zinahama upepo ukihama. Ukihisi kutapika nenda demanini, hata kama ni mbali zaidi. Ukitapikia goshini upepo utakurudishia wewe na walio nyuma yako.

Sasa noti. Tangazo litasema chombo kinakwenda noti 16, na utasikia abiria akisema "noti 16 kwa saa". Hilo ni kosa, kwa sababu saa imo tayari ndani ya neno. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili ya baharini ni mita 1,852, ndefu kuliko maili ya barabarani. Kipimo hicho hakikuokotwa. Ukigawanya safari ya kutoka ikweta hadi ncha ya dunia kuwa nyuzi 90, na kila nyuzi kuwa dakika 60, dakika moja ni takriban maili moja ya baharini. Nahodha anapima umbali kwenye ukingo wa ramani yake bila kubadilisha kipimo chochote.

Jina lenyewe ni fundo. Mabaharia wa zamani walikuwa na ubao wa pembetatu uliotiwa risasi upande mmoja ili usimame wima majini. Waliutupa kutoka tezi ukiwa umefungwa kamba ndefu yenye mafundo, kila fundo likiwa mita 14.4 hivi kutoka jingine. Mmoja aligeuza chupa ya mchanga ya sekunde 28, mwingine akaiachia kamba ipite mikononi akihesabu mafundo. Yakipita matano kabla mchanga haujaisha, chombo kinakwenda noti tano. Piga hesabu mwenyewe: mita 14.4 kwa sekunde 28 ni sawa na mita 1,851 kwa saa.

Kile kibao kinakufundisha kitu kingine. Kilipima mwendo wa chombo juu ya maji, na maji yenyewe hutembea. Safari moja tuling'oa nanga saa 2:00 asubuhi, tukatangaziwa maili 24 kwa noti 16. Gawanya 24 kwa 16, ni saa moja na nusu, basi nikatarajia kufika saa 3:30. Noti 16 ni kama kilomita 29.6 kwa saa. Lakini ramani ya simu yangu ilionyesha kilomita 26 tu, na abiria mmoja pembeni yangu alianza kulalamika kwamba tumedanganywa. Hatukudanganywa. Kilomita 26 ni noti 14. Simu hupima mwendo juu ya ardhi, na mkondo wa noti mbili ulikuwa unatupinga kutoka omo. Maili 24 kwa noti 14 ni saa moja na dakika 43, ongeza dakika chache za kupunguza mwendo karibu na bandari. Saa 3:50 kamba ya kwanza ilirushwa gatini, upande wa stabodi, na mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni na begi langu.